Mtoto wa Mwezi wa 13: Kubadili Tarehe za Kalenda ya Ethiopia

Mama anafika kliniki ya watoto mjini Naivasha mnamo tarehe 10 Juni 2025. Mkononi ana kadi ya chanjo iliyoandikwa ng'ambo ya mpaka wa Moyale, na kwenye nafasi ya tarehe ya kuzaliwa pameandikwa 28/12/2016. Mtoto aliye mgongoni bado ananyonya. Karani anajua kwamba miaka ya Ethiopia iko nyuma ya miaka ya Kenya, kwa hiyo anaongeza 8 na kuandika 28 Desemba 2024 kwenye daftari. Tarehe hiyo inaonekana sawa kabisa, nayo si sahihi. Mtoto alizaliwa tarehe 3 Septemba 2024.

Huu ni mfano tu, lakini kosa la aina hii ni rahisi kutokea katika zahanati, shule ya chekechea au ofisi ya wadi inayopokea watu waliozaliwa Ethiopia au wenye watoto waliozaliwa huko. Kosa halitokani na uzembe. Karani amefanya nusu ya hesabu: amebadili mwaka, akasahau kwamba mwezi wa 12 wa Ethiopia si Desemba.

Tofauti hiyo ya karibu miezi minne ina uzito wake. Chanjo ya kwanza ya surua na rubela hutolewa nchini Kenya mtoto akiwa na miezi tisa. Siku hiyo ya Juni, mtoto wa mfano wetu alikuwa ametimiza miezi tisa na wiki moja, na alistahili sindano yake. Kwa tarehe ya karani ana miezi mitano tu, kwa hiyo mama ataambiwa arudi mwishoni mwa Septemba. Mizani nayo itadanganya. Tuseme ni mvulana na ana kilo 6.8. Kwa chati ya ukuaji ya Shirika la Afya Duniani, mvulana wa miezi mitano mwenye uzito huo hana tatizo. Mvulana wa miezi tisa aliye chini ya kilo 7.1 huhesabiwa kuwa na uzito pungufu, na mama yake anapaswa kupewa ushauri wa lishe siku hiyo hiyo. Mtoto ni yule yule na mizani ni ile ile, lakini jibu linageuka kwa sababu ya tarehe.

Mwaka wa Ethiopia una miezi 12 yenye siku 30 kila mmoja, bila kupunguka wala kuzidi. Hiyo inafanya siku 360. Siku zinazobaki huwekwa mwishoni katika mwezi mfupi wa 13 uitwao Pagume, ambao una siku 5 katika mwaka wa kawaida na siku 6 katika mwaka mrefu. Wakazi wa pwani waliokulia katika hesabu ya miongo ya Waswahili hawatashangaa sana, maana mwaka wa Nairuzi nao una miongo 36 ya siku kumi kumi, halafu siku tano za ziada.

Mwaka mpya wa Ethiopia huanza tarehe 1 Meskerem, ambayo kwa kalenda ya Gregori inayotumika Kenya huangukia 11 Septemba. Ukifuata mwaka mrefu, huanza 12 Septemba. Hesabu ya miaka iko nyuma kwa sababu wanachuoni wa kale wa Aleksandria, ambao Kanisa la Ethiopia lilifuata hesabu yao, waliweka kuzaliwa kwa Kristo miaka kadhaa baadaye kuliko walivyofanya wenzao wa Roma. Ndiyo maana tofauti ni miaka 7 kuanzia Septemba hadi mwisho wa Desemba, na miaka 8 kuanzia Januari hadi Septemba inayofuata. Anayeongeza 8 wakati wote atakosea kwa mwaka mzima kwa kila aliyezaliwa kati ya Septemba na Desemba.

Njia salama ya kubadili ni kujua kila mwezi wa Ethiopia unaanza lini kwa kalenda ya Kenya, kisha kuhesabu siku mbele. Jedwali hili linatosha. Namba ya kwanza ni nafasi ya mwezi katika mwaka, na safu ya mwisho ni miaka ya kuongeza ili kupata mwaka wa siku hiyo ya kwanza.

| Mwezi | Siku ya kwanza | Ongeza |
|---|---|---|
| 1 Meskerem | 11 Septemba | 7 |
| 2 Tikimt | 11 Oktoba | 7 |
| 3 Hidar | 10 Novemba | 7 |
| 4 Tahsas | 10 Desemba | 7 |
| 5 Tir | 9 Januari | 8 |
| 6 Yekatit | 8 Februari | 8 |
| 7 Megabit | 10 Machi | 8 |
| 8 Miyazya | 9 Aprili | 8 |
| 9 Ginbot | 9 Mei | 8 |
| 10 Sene | 8 Juni | 8 |
| 11 Hamle | 8 Julai | 8 |
| 12 Nehase | 7 Agosti | 8 |
| 13 Pagume | 6 Septemba | 8 |

Kadi ya yule mtoto ilisema 28/12/2016. Mwezi wa 12 ni Nehase, unaoanza 7 Agosti, na 2016 ukiongeza 8 ni 2024. Kwa hiyo tarehe 1 Nehase 2016 ilikuwa 7 Agosti 2024. Kutoka tarehe 1 hadi tarehe 28 ni hatua 27, si 28, kwa sababu siku ya kwanza tayari imehesabiwa. Kutoka 7 Agosti hadi 31 Agosti ni hatua 24, zinabaki 3, na hesabu inasimama 3 Septemba 2024. Wanaokosea katika hatua hii mara nyingi huongeza 28 nzima na kupata 4 Septemba. Kosa la siku moja halitamnyima mtoto chanjo, lakini litafanya tarehe ya daftari isilingane na ya pasipoti miaka mingi baadaye.

Jedwali linahitaji marekebisho mamoja. Mwaka wa Ethiopia unaogawanyika kwa 4 bila baki, kama 2000, 2012 au 2016, huja baada ya mwaka uliokuwa na Pagume ya siku 6. Siku hiyo ya ziada husukuma mwanzo wa mwaka mbele, kwa hiyo katika miaka hiyo kila mwezi kuanzia Meskerem hadi Yekatit huanza siku moja baada ya ile iliyo kwenye jedwali: Meskerem 12 Septemba, Hidar 11 Novemba, Yekatit 9 Februari, na kadhalika. Baada ya hapo kalenda ya Kenya nayo inaongeza siku yake, yaani 29 Februari, na kalenda zote mbili zinakuwa sawa tena. Kuanzia Megabit hadi mwisho wa mwaka jedwali linatumika kama lilivyo. Ndiyo sababu kadi ya Nehase 2016 haikuhitaji siku ya ziada ingawa 2016 inagawanyika kwa 4.

Mahali ambapo siku hiyo na ile hesabu ya 7 au 8 hukutana ni mwezi wa Tahsas, kwa kuwa unaanza Desemba na kuishia Januari. Makarani wengi hukwama hapo. Tuchukue kijana mkimbiaji anayefanya mazoezi katika nyanda za juu za Bonde la Ufa, mwenye cheti cha kuzaliwa cha Ethiopia kinachosema 20/4/2000. Mtu wa haraka ataandika 20 Aprili 2008. Kwa hesabu kamili, mwezi wa 4 ni Tahsas, na 2000 ukiongeza 7 ni 2007. Mwaka 2000 unagawanyika kwa 4, kwa hiyo Tahsas ilianza 11 Desemba badala ya 10. Kutoka hapo hesabu hatua 19. Jibu ni 30 Desemba 2007.

Kwa kijana huyo, siku hizo 112 si mchezo. Mashindano ya dunia ya riadha ya walio chini ya miaka 20 hupanga umri kwa kuangalia mwanariadha atakuwa na miaka mingapi kufikia 31 Desemba ya mwaka wa mashindano. Aliyezaliwa 30 Desemba 2007 anatimiza miaka 20 siku moja kabla ya mwaka 2027 kuisha, na kwa hiyo mwaka wake wa mwisho katika kundi hilo ni 2026. Aliyezaliwa Aprili 2008 angekuwa na nafasi mwaka 2027 pia. Tarehe iliyobadilishwa vibaya inaweza kumfanya kijana mwaminifu aonekane amedanganya umri, na kulieleza jambo hilo mbele ya kamati ni kazi ngumu kuliko kuhesabu hatua 19. Hesabu hiyo hiyo huamua pia ni siku gani kijana anakuwa mtu mzima wa miaka 18 kwa sheria za Kenya.

Kama cheti hicho kingesoma 25/4/2011, hatua zingevuka mwaka. Mwaka 2011 haugawanyiki kwa 4, kwa hiyo 1 Tahsas 2011 ilikuwa 10 Desemba 2018. Hatua 24 mbele zinafika 3 Januari 2019. Hakuna haja ya kukumbuka kanuni nyingine ya lini 7 inageuka kuwa 8 katikati ya Tahsas. Ukianza na siku ya kwanza ya mwezi na kuhesabu mbele kwa kalenda ya ukutani, mwaka unajibadilisha wenyewe.

Mwezi wa 13 una usumbufu wa namna yake. Mzazi anayemwandikisha mtoto chekechea anaweza kuleta karatasi yenye 3/13/2011. Kompyuta inakataa mwezi wa 13, na kishawishi cha karani ni kuandika 12, au kuvuka mwaka na kuandika 1. Yote mawili yanampa mtoto siku ambayo hakuzaliwa. Pagume ya 2011 ilianza 6 Septemba 2019, hivyo tarehe 3 ilikuwa 8 Septemba 2019. Akiandikwa 3 Desemba 2019 au 3 Januari 2020, amepunguzwa umri kwa karibu miezi mitatu au minne, na tarehe hiyo itamfuata darasa hadi darasa. Pagume ya 2011 ilikuwa na siku 6, kwa kuwa mwaka mrefu wa Ethiopia ni ule unaobakiza 3 ukigawanywa kwa 4: 2007, 2011, 2015, 2019. Kwa hiyo 6/13/2011 ni tarehe halali, ambayo ni 11 Septemba 2019, ilhali 6/13/2012 haipo na inaonyesha kwamba mtu alikosea alipoandika.

Kabla ya kubadili chochote, karani anapaswa kuwa na hakika ni kalenda gani iliyo mbele yake. Mwezi wa 13 hauachi shaka. Tarehe kama 30/2 nayo haiachi shaka, kwa sababu Tikimt ina siku 30 na Februari haina. Nyaraka nyingi za Ethiopia huwa na herufi E.C. kando ya tarehe ya huko na G.C. kando ya tarehe ya Gregori. Pasipoti ya Ethiopia huandikwa kwa tarehe za Gregori, na hiyo haibadilishwi. Majina ya miezi yanaweza pia kuwa tofauti, kwani karatasi iliyoandikwa Kioromo, lugha ya wengi wanaotoka upande wa Moyale, itasema Fulbaana badala ya Meskerem. Pale namba ya mwezi ilipo, namba ndiyo ya kutegemea.

Hatari iliyojificha zaidi ni kubadili mara mbili. Mzazi aliyekaa Kenya miaka kadhaa huenda alishabadili tarehe mwenyewe, akaitaja kwa mdomo kwa kalenda ya hapa, kisha karani akaongeza tena 8. Swali la adabu linatosha: "Mama, hii ni tarehe ya kwenu au ya hapa?" Jibu liandikwe.

Kuna kipimo kizuri cha kukagua jibu ambacho hakihitaji karatasi. Kalenda hizi mbili zinatofautiana katika miezi na miaka, lakini juma ni moja. Jumanne ya Addis Ababa ni Jumanne ya Nakuru. Tarehe 3 Septemba 2024 ilikuwa Jumanne, na 28 Desemba 2024 ilikuwa Jumamosi. Mama akikumbuka kwamba alijifungua Jumanne, tarehe ya kwanza inathibitika na ya pili inaanguka. Sikukuu nazo husaidia. Meskel, sikukuu ya msalaba, huwa 17 Meskerem, yaani 27 Septemba. Timkat huwa 11 Tir, yaani 19 Januari. Katika mwaka unaogawanyika kwa 4 zote mbili husogea siku moja, na ndiyo maana Timkat ya mwaka 2024 ilikuwa 20 Januari. Mzazi asiye na kadi lakini anayekumbuka kwamba mtoto alikuja siku mbili baada ya Timkat ametoa tarehe kamili, mradi mwaka unajulikana.

Saa ni jambo dogo, ila lina mtego wake. Waethiopia husoma saa kama Waswahili: siku huanza alfajiri, na saa moja asubuhi ni ile ambayo fomu za Kiingereza huandika 7.00. Cheti cha kujifungua kinachosema saa 3 usiku kinamaanisha saa 3 usiku kama inavyosemwa Nakuru. Anayeijaza kwenye fomu kama 3.00 usiku wa manane ameihamisha kwa saa sita, na kwa mtoto aliyezaliwa karibu na usiku wa manane hilo linaweza kubadili tarehe.

Jibu likishapatikana, daftari liandikwe tarehe zote mbili: ile ya karatasi kama ilivyo, na ile iliyobadilishwa, kila moja ikitajwa kalenda yake. Karatasi ya mwenyewe isifutwe wala kuandikwa juu. Atakayekuja baadaye akiona zote mbili anaweza kurudia hesabu, lakini akiikuta moja tu hawezi kujua ilitoka wapi.

Ofisi yenye kompyuta inaweza kuweka hesabu hii kwenye jedwali la Excel. Siku ya Ethiopia iandikwe katika A2, mwezi katika B2 na mwaka katika C2, kisha fomula hii iwekwe katika D2, na kisanduku hicho kipangwe kuonyesha tarehe:

```
=DATE(C2+7,9,11)+IF(MOD(C2,4)=0,1,0)+(B2-1)*30+(A2-1)
```

Fomula inaanza na siku ya mwaka mpya, inaongeza siku moja ikiwa mwaka unagawanyika kwa 4, inaruka siku 30 kwa kila mwezi uliopita, halafu inahesabu siku za mwezi wenyewe. Ijaribiwe kwanza kwa 28, 12, 2016. Isipotoa 3 Septemba 2024, kuna herufi au mabano yaliyokosewa. Haitamwonya mtu aliyeingiza tarehe ambayo tayari ni ya Gregori, wala aliyeandika siku ya 31 ambayo mwezi wa Ethiopia hauna kamwe.

Jedwali hilo hilo linafaa pia kwa tarehe za Kanisa la Koptiki, ambalo lina waumini nchini Kenya. Mwaka wa Koptiki huanza siku ile ile na kugawanywa kwa miezi ile ile, ila majina ni mengine na miaka huhesabiwa kuanzia mwaka 284. Mwaka 2016 wa Ethiopia ni 1740 wa Koptiki. Ongeza 276 kwa mwaka wa Koptiki upate wa Ethiopia, kisha endelea kama kawaida.

Kwa nyaraka za watu walio hai leo, jedwali halina shida. Linatumika kuanzia Machi 1900 hadi Februari 2100. Kabla ya hapo kila tarehe hurudi nyuma siku moja, kwa sababu kalenda ya Gregori haikuwa na 29 Februari mwaka 1900 ilhali ya Ethiopia iliongeza siku yake kama kawaida. Vita vya Adwa, ambapo jeshi la Mfalme Menelik wa Pili liliwashinda Waitaliano, vilipiganwa 23 Yekatit 1888. Vitabu vya historia husema 1 Machi 1896. Ethiopia bado huadhimisha siku hiyo kila 23 Yekatit, na sasa sikukuu huangukia 2 Machi.